R² hasi kwenye data ya jaribio: namna ya kuitafuta sababu yake hatua kwa hatua

Ujumbe uliingia saa tatu usiku, kutoka kwa mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu hapa Nairobi:

"Mwalimu, habari za jioni. Samahani kwa kukusumbua saa hizi. Modeli yangu ya kodi za nyumba imetoa R² ya 0.78 kwenye data ya mafunzo, lakini kwenye data ya jaribio imetoa −11.2. Nimerudia mara nne na jibu ni lile lile. Kitu kilichopigwa mraba kinawezaje kuwa hasi? Nimekosea wapi?"

Swali hili huwa linanifurahisha, kwa sababu anayeliuliza ameitazama namba yake akakataa kuipita tu. Wengine hubadilisha mgawanyo wa data mpaka namba ipendeze, kisha wanakusanya kazi. Nitaeleza hapa jinsi tulivyolifuatilia jambo hili mimi na yeye, kwa mpangilio ambao ningependa kila mwanafunzi aufuate atakapokutana na namba kama hiyo.

Data yake ni hii: nyumba 200 za kupanga kutoka mitaa minane ya Nairobi, nazo ni Buruburu, Donholm, Kasarani, Kilimani, Lavington, South B, Umoja na Zimmerman. Kila nyumba ina ukubwa kwa mita za mraba, idadi ya vyumba vya kulala, ghorofa iliyoko, na kodi ya mwezi. Modeli ni regresheni ya kawaida ya mstari. Alitumia nyumba 160 za kwanza kuifunza, na 40 za mwisho kuijaribu.

Hatua ya kwanza: andika fomula, usahau jina

Jina ndilo linalowapoteza watu. Tukiona alama ya mraba, tunadhani kuna namba fulani R iliyozidishwa kwa yenyewe, na kitu cha namna hiyo hakiwezi kushuka chini ya sifuri. Lakini kinachokokotolewa na `r2_score` ya scikit-learn, kifurushi cha Python alichotumia, ni hiki:

```
R² = 1 − SSE / SST
```

SSE ni jumla ya miraba ya makosa ya modeli: unachukua kodi iliyokadiriwa, unatoa kodi halisi, unapiga mraba, unajumlisha kwa nyumba zote. SST ni jumla ya miraba ya tofauti kati ya kila kodi halisi na wastani wa kodi hizo hizo. Miraba ipo, lakini iko ndani ya sehemu. R² yenyewe ni moja ukitoa uwiano, na uwiano huo ukizidi moja, jibu ni hasi. Juu haiwezi kupita 1. Chini haina sakafu.

Ichukulie kama mashindano. Upande mmoja kuna modeli yako. Upande wa pili kuna mtu asiyejua chochote kuhusu nyumba isipokuwa wastani wa kodi za kundi hilo, naye kwa kila nyumba anataja wastani huo huo. Ukipata 0 mmetoka sare. Ukipata hasi, mtu yule amekushinda.

Sasa kwa nini hili halitokei kwenye data ya mafunzo? Kwa sababu regresheni yenye kikomo cha mwanzo, ile namba isiyozidishwa na safu yoyote, ina uhuru wa kuweka miteremko yote kuwa sifuri na kutaja wastani tu. Njia ya miraba midogo kabisa hutafuta mstari wenye SSE ndogo kuliko yote kwenye data ile ile, kwa hiyo haiwezi kuchagua mstari mbaya kuliko huo wa wastani. Hapo R² hubaki kati ya 0 na 1, na kweli huwa sawa na mraba wa namba ya uhusiano kati ya makadirio na kodi halisi. Ndiko jina lilikotoka. Ukiihamisha modeli kwenye nyumba ambazo haijawahi kuziona, dhamana hiyo inaisha. Mstari ulichaguliwa kwa ajili ya nyumba nyingine.

Wataalamu wa mito wamezoea jambo hili zamani. Tangu 1970, Nash na Sutcliffe walipopendekeza kipimo chao cha modeli za mtiririko wa maji, wamekuwa wakitumia fomula yenye umbo hili hili, na wanajua kwamba thamani yake inaweza kushuka chini ya sifuri bila kikomo. Hawakuiita mraba wa kitu chochote, na nadhani hilo limewaepushia wanafunzi wao mkanganyiko.

Hatua ya pili: chukua nyumba tano, ukokotoe kwa mkono

Siku iliyofuata alikuja ofisini na kompyuta yake. Nilimwambia aifunike kwanza. Tulichukua nyumba tano za mwanzo katika sehemu ya jaribio, tukaziandika kwenye karatasi kwa maelfu ya shilingi:

```
halisi      12   14   15   16   18
makadirio   20   21   23   23   26
kosa         8    7    8    7    8
```

Wastani wa kodi halisi ni 15. Tofauti na wastani huo ni −3, −1, 0, 1 na 3, miraba yake ni 9, 1, 0, 1 na 9, jumla 20. Hiyo ni SST. Miraba ya makosa ni 64, 49, 64, 49 na 64, jumla 290. Hiyo ni SSE. Gawanya 290 kwa 20 upate 14.5, kisha R² = 1 − 14.5 = −13.5.

Kwa hiyo kompyuta haikukosea. Kwa nyumba tano hizi jibu ni −13.5, na kwa nyumba zote 40 ni −11.2, namba za ukoo mmoja.

Kabla hujaendelea, itazame ile safu ya makosa. Nilimwachia aitazame kwa dakika nzima bila kusema neno. Nane, saba, nane, saba, nane. Yote yako upande mmoja na yanakaribia kulingana. Modeli inajua kwamba nyumba ya mwisho ni ya bei ya juu kuliko ya kwanza, na inajua karibu ni kwa kiasi gani. Ila kila nyumba imeipandisha kwa takriban shilingi 7,600. Ukitafuta namba ya uhusiano kati ya mstari wa halisi na wa makadirio unapata 0.97, na mraba wake ni 0.94. Modeli ile ile, nyumba zile zile: mraba wa uhusiano 0.94, R² −13.5. Anayedhani hivi viwili ni kitu kimoja hawezi kuelewa kinachoendelea, na kuna vifurushi vya programu vinavyotoa kimoja na vingine vinavyotoa kingine kwa jina linalofanana. Soma maelezo ya kifurushi chako ujue umepewa kipi.

Hatua ya tatu: hakikisha bomba halivuji

Kabla ya kuilaumu modeli au data, kagua njia ambayo namba zilipitia. Kuna sehemu nne ninazozikagua kila mara, na huwa zinachukua chini ya robo saa.

Ya kwanza ni mpangilio wa hoja. Ni `r2_score(y_test, y_pred)`, kodi halisi zikitangulia. Ukizigeuza, SST itakokotolewa kutoka kwenye makadirio. Modeli dhaifu hutoa makadirio yaliyokusanyika karibu na namba moja, kwa hiyo SST inakuwa ndogo sana na R² inatumbukia chini kwa sababu isiyohusiana na ubora wa modeli.

Ya pili ni vipimo. Watu wengi huifunza modeli kwa logi ya kodi, jambo zuri tu, kisha wanasahau kurudisha makadirio kwenye shilingi. Logi asilia ya 15,000 ni takriban 9.6. Ukilinganisha 9.6 na shilingi 15,000, kwa nyumba zetu tano R² inafika karibu −56. Dalili yake haijifichi: chapisha makadirio matano ya kwanza na kodi tano halisi, utaona kundi moja liko kwenye makumi na jingine kwenye maelfu.

Ya tatu ni kupima upya safu. Kama unatumia `StandardScaler`, unaita `fit_transform` kwenye data ya mafunzo na `transform` peke yake kwenye data ya jaribio. Ukiita `fit_transform` mara zote mbili, data ya jaribio inapimwa kwa wastani wake yenyewe. Nyumba ndogo za mtaa mmoja zinaonekana kama nyumba za kawaida za jiji zima, na makadirio yote yanavutwa kuelekea wastani wa mafunzo. Kosa hili ni baya kwa sababu halitoi onyo lolote.

Ya nne ni mpangilio wa mistari. `r2_score` inalinganisha mstari wa kwanza na wa kwanza, wa pili na wa pili, bila kujali namba za utambulisho. Ukipanga `y_test` kwa ukubwa halafu ukaacha `X_test` ilivyo, kila kadirio linalinganishwa na nyumba ya mtu mwingine. Dalili yake ni kwamba uhusiano kati ya halisi na makadirio unakaribia sifuri ilhali kwenye mafunzo ulikuwa mkubwa.

Kwa mwanafunzi wangu zote nne zilikuwa safi. Uhusiano wa 0.97 ulikuwa umeshatuambia kwamba mistari haijachanganyika.

Hatua ya nne: ligawe kosa mara mbili

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo ambayo watu wengi hawaifanyi. SSE yoyote inaweza kugawanywa sehemu mbili bila kubaki kitu: sehemu inayotokana na makadirio yote kuhama kwenda juu au chini kwa pamoja, na sehemu inayobaki baada ya kuondoa kuhama huko.

Sehemu ya kwanza ni idadi ya nyumba mara mraba wa wastani wa makosa. Kwetu wastani wa makosa ni 7.6, mraba wake 57.76, mara tano ni 288.8. Sehemu ya pili ni 290 ukitoa 288.8, yaani 1.2. Soma tena: katika 290 zote, 288.8 ni kuhama, na 1.2 tu ni modeli kushindwa kutofautisha nyumba moja na nyingine.

Kwa kompyuta ni mistari michache:

```python
import numpy as np
h = np.asarray(y_test)
e = np.asarray(y_pred) - h
sst = ((h - h.mean())**2).sum()
kuhama = len(e) * e.mean()**2
baki = ((e - e.mean())**2).sum()
print(kuhama / sst, baki / sst)
```

Kwa nyumba zetu itachapisha 14.44 na 0.06. Ukizijumlisha unapata 14.5, na moja ukitoa hiyo ndiyo ile −13.5. Kama namba ya kwanza ndiyo kubwa, tafuta ni nini kilichohama kati ya mafunzo na jaribio. Kama ya pili ndiyo kubwa, modeli yenyewe haijui kutofautisha nyumba, na mara nyingi ni kwa sababu imekariri data ya mafunzo. Ni magonjwa mawili tofauti yenye homa moja, na dawa ya moja haitibu la pili. Nimeona wanafunzi wakihangaika wiki nzima kupunguza safu na kuongeza adhabu ya ridge, ile inayobana miteremko isiwe mikubwa, wakati tatizo lao lilikuwa kuhama tupu.

Kumbuka pia kwamba kwenye data ya mafunzo, sehemu ya kuhama huwa sifuri kabisa kwa regresheni yenye kikomo cha mwanzo, kwa sababu makosa yake yanajumlishwa hadi sifuri. Ndiyo maana ile 0.78 haikuweza kumwonya.

Hatua ya tano: tafuta kilichohama

Sasa tukaifunua kompyuta. Nilimwomba afungue faili na ateremke mpaka nyumba 40 za mwisho. Alikuwa akiteremsha polepole, kidole kwenye safu ya mtaa, akisoma kimoyomoyo. Zimmerman. Zimmerman. Zimmerman. Alipofika chini aliacha kuteremsha, akanitazama, akacheka.

Faili lilikuwa limepangwa kwa alfabeti ya mitaa. Zimmerman huanza na Z, basi ikakaa mwisho, na nyumba zake zikawa sehemu ya jaribio yote. Modeli ilifunzwa na Kilimani na Lavington zikiwa ndani, lakini haikuwa na safu yoyote ya kuiambia nyumba iko wapi. Ilijua mita za mraba, vyumba na ghorofa. Nyumba ya chumba kimoja cha kulala kwake ilikuwa na bei moja popote ilipo, na bei hiyo ilikuwa wastani wa mitaa saba mingine. Anayepanga nyumba Nairobi anajua kwamba chumba kile kile ukikihamisha kutoka Kilimani hadi Zimmerman kodi inashuka, na kushuka huko ndiko zile 7,600.

Kuna jambo la pili lililoizidishia namba ukali, nalo liko kwenye SST. Nyumba za mtaa mmoja, za aina moja, hazipishani sana kodi. Zetu zilikuwa kati ya 12 na 18. SST ikiwa ndogo, kosa la kawaida linakuwa janga. Chukua makosa yale yale, 8, 7, 8, 7 na 8, uyaweke kwenye nyumba zenye kodi 10, 20, 30, 40 na 50. Wastani ni 30, SST ni 1,000, na R² inakuwa 1 − 0.29 = 0.71. Makosa hayakubadilika hata shilingi moja, lakini namba imetoka −13.5 hadi 0.71. Kwa hiyo usilinganishe R² za makundi mawili kabla ya kutazama kodi zinapishana kiasi gani ndani ya kila kundi.

Ukaguzi wa haraka ambao ungemwokoa ni huu:

```python
print(y_train.describe())
print(y_test.describe())
```

Tazama wastani na mkengeuko sanifu. Wastani wa kodi kwenye mafunzo yake ulikuwa karibu 27,000, kwenye jaribio karibu 15,000. Makundi mawili yaliyotoka kwenye kapu moja kwa kubahatisha hayawezi kuachana namna hiyo yakiwa na nyumba 160 na 40.

Na tahadhari kwa wanaotumia scikit-learn: `train_test_split` huchanganya mistari yenyewe usipoizuia, lakini `KFold` haichanganyi mpaka uiambie. Ukiandika `cross_val_score(modeli, X, y, cv=5)` kwa regresheni, inatumia `KFold` hiyo hiyo, na unapata vipande vitano vilivyokatwa kwa kufuata mpangilio wa faili. Mtu aliyezoea ya kwanza anaingia kwenye mtego wa pili bila kujua.

Hatua ya sita: uliza unashindana na nani

Yule mtu wa wastani aliyetushinda ana faida ambayo si ya haki. Anajua wastani wa nyumba za jaribio, yaani 15. Wewe hukuujua. Siku ya kukadiria, wastani pekee uliokuwa nao mkononi ulikuwa ule wa mafunzo, 27.

Hebu tumweke mtu mwingine anayetaja 27 kwa kila nyumba. Makosa yake ni 15, 13, 12, 11 na 9. Miraba yake ni 225, 169, 144, 121 na 81, jumla 740. R² yake ni 1 − 740/20 = −36. Modeli yetu ya −13.5 inamshinda kwa mbali. Ukiweka 740 mahali pa SST, unapata 1 − 290/740, takriban 0.61. Yaani kulinganisha na kitu ambacho mtu angeweza kukifanya kweli bila modeli, ukubwa na vyumba vimeondoa zaidi ya nusu ya kosa.

Sisemi umfiche mwalimu wako ile −13.5 umwonyeshe 0.61. Onyesha zote mbili, useme kila moja inalinganisha na nini. Kwenye scikit-learn unampata mshindani huyu kwa `DummyRegressor(strategy="mean")`. Mfunze kwa data ya mafunzo, mpime kwa data ya jaribio, na R² yake haitazidi sifuri kamwe, kwa sababu namba moja inayorudiwa haiwezi kuushinda wastani wa jaribio wenyewe.

Hatua ya saba: chagua mgawanyo unaojibu swali lako

Hapa ndipo mwanafunzi wangu alipotaka kukimbia. "Basi nachanganya mistari tu, Mwalimu, na kuongeza safu ya mtaa." Alifanya hivyo palepale, na R² ya jaribio ikapanda hadi 0.71. Uso ukang'aa.

Nikamuuliza modeli hii ni ya nini. Kama ni ya kukadiria kodi ya nyumba nyingine ndani ya mitaa hiyo minane, 0.71 ni jibu halali, kwa sababu kila mtaa uko pande zote mbili. Lakini pendekezo lake la mradi lilisema modeli itakadiria kodi kwenye mitaa ambayo haina data. Kwa swali hilo, kuchanganya mistari kunaificha kasoro yenyewe. Nyumba ya Zimmerman inakadiriwa kwa msaada wa nyumba nyingine za Zimmerman, kitu ambacho kwenye mtaa mpya hakitakuwepo. Ile −11.2 iliyomnyima usingizi ilikuwa karibu zaidi na ukweli wa swali lake kuliko 0.71. Alikuwa ameupata mgawanyo sahihi kwa bahati.

Mgawanyo wa makusudi ni huu, mtaa mmoja ukiachwa nje kila mara:

```python
from sklearn.model_selection import GroupKFold, cross_val_predict
cv = GroupKFold(n_splits=8)
p = cross_val_predict(modeli, X, y, groups=df["mtaa"], cv=cv)
```

Mitaa ni minane na vipande ni vinane, kwa hiyo kila mtaa unajaribiwa na modeli isiyowahi kuuona. Nimetumia `cross_val_predict` ili nipate makadirio yote 200 na kukokotoa mara moja. Usichukue wastani wa R² nane za mitaa: moja ikiwa −13, hata nyingine saba zikiwa nzuri, wastani hausemi kitu. Toa pia kosa la wastani kwa shilingi kwa kila mtaa. Ukiliomba kwa `cross_val_score` yenye `scoring="neg_mean_absolute_error"`, litakuja na alama ya kutoa mbele. Hiyo ni kanuni tu ya kifurushi, ili namba kubwa iwe ndiyo bora, na haina uhusiano wowote na R² hasi.

Safu ya mtaa haitasaidia hapa, kwa kuwa mtaa mpya hauna jina ambalo modeli inalijua. Unahitaji kitu kinachopimika popote, kwa mfano umbali kutoka katikati ya jiji. Yeye aliweka umbali, na kuhama kwa Zimmerman kukapungua, lakini kwa South B kukaongezeka: iko karibu na katikati, na modeli ikaipandisha kama ilivyofanya Kilimani. Hapo kuna kikomo kisichoondoka kwa ujanja wa hesabu. Ana nyumba 200, lakini kwa jambo lolote linalobadilika mtaa kwa mtaa, ana vielelezo vinane tu. Safu saba za namna hiyo zinatosha kuvikariri vyote. Dawa ni mitaa zaidi, hata kama kila mmoja utatoa nyumba kumi badala ya wastani wa ishirini na tano.

Kama sehemu ya pili ndiyo kubwa

Nitaligusa kwa ufupi. Ukikuta kuhama ni kudogo na baki iliyogawanywa kwa SST imezidi moja, hesabu safu zako ulinganishe na mistari yako. Aliyezidisha safu kwa `PolynomialFeatures` akafikisha safu 80 kwenye nyumba 100 atapata R² ya mafunzo inayokaribia 1 na ya jaribio iliyo chini ya sifuri, hata akichanganya mistari vizuri. Punguza safu au tumia `Ridge`, na upime baki tena. Ikishuka chini ya moja, umelipata tatizo. Ikikataa kushuka, chora makosa yote uone kama ni nyumba moja au mbili zinazobeba jumla nzima: kodi iliyoandikwa 150,000 badala ya 15,000 inatosha kuharibu kila kitu, maana kosa linapigwa mraba.

Alichoandika kwenye ripoti

Wiki iliyofuata alinitumia aya hii, nami sikubadilisha ila nukta moja: "Modeli ilijaribiwa kwa kuacha nje mtaa mmoja kila mara. Kwa Zimmerman R² ilikuwa −11.2. Sehemu kubwa ya kosa inatokana na makadirio yote kuwa juu kwa takriban shilingi 7,600, kwa kuwa modeli haina taarifa ya mahali. Mpangilio wa nyumba ndani ya mtaa ulikadiriwa vizuri. Modeli inashinda wastani wa mafunzo lakini haishindi wastani wa mtaa wenyewe, kwa hiyo haifai bado kukadiria kodi kwenye mtaa usio na data. Mtu mwenye kodi za nyumba chache za mtaa mpya anaweza kuzitumia kusahihisha kuhama huko kabla ya kuitumia."

Sentensi ya mwisho aliiongeza mwenyewe. Tuliijaribu kwenye zile nyumba tano: tukachukua makosa ya mbili za kwanza, 8 na 7, wastani wake 7.5, tukautoa kwenye makadirio ya tatu zilizobaki. 23 ikawa 15.5, 23 nyingine ikawa 15.5, 26 ikawa 18.5. Kodi halisi ni 15, 16 na 18.